Mashine ya CT imekufa: nilivyoandika tangazo ambalo watu hawakulitukana

Mashine yetu ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi, ilipokufa, ushauri niliopewa kuhusu tangazo ulikuwa mwepesi: andika kuna hitilafu ya kiufundi, huduma itarejea hivi karibuni, samahani kwa usumbufu. Kwa hospitali ya Dar inayopokea watu kutoka Mkuranga hadi Mafia, tangazo la hivyo ni kumwambia mtu apande boti akabahatishe.

Nilianza kwa fundi wa vifaa tiba, si kwa kompyuta. Nilitaka kujua kilichokufa ni nini, maana muda wote unategemea hapo. Picha ikiwa na miduara miduara, mara nyingi shida iko kwenye vipokea mionzi, na pengine kuisawazisha mashine upya kunatosha. Yetu ilikuwa inakata mionzi katikati ya kipimo, na kumbukumbu zake zilionyesha umeme unaruka ndani ya tyubu ya eksirei. Tyubu ikishafika hapo haichomelewi, inabadilishwa. Haikai dukani Kariakoo, na bei yake ni ya nyumba, si ya gari.

Basi nikamkalisha fundi tukahesabu. Kuagiza na kusafirisha kwa ndege, siku 5 hadi 7. Forodha, siku 2 hadi 4. Kuifunga, siku 1. Halafu kuna siku 1 nyingine ambayo wakubwa husahau: tyubu mpya inapashwa moto polepole, mashine inasawazishwa, kisha linapigwa picha kopo maalumu la maji. Kwenye kipimo cha CT, maji lazima yasome karibu na 0. Yakisoma mbali na hapo, vipimo vya mgonjwa haviaminiki hata kama picha inapendeza. Jumla ni siku 9 hadi 13.

Mkubwa mmoja akataka tuandike 9, "tuwatie watu moyo". Nikaandika 14. Na hapa ndipo ninapojisifu: chini ya hiyo 14 niliweka tarehe ya pili, ya siku ya 7, nikasema siku hiyo tutatoa taarifa nyingine, kuwe na jipya kusiwe na jipya. Ilipofika tukabandika mstari mmoja: kifaa kimetua uwanja wa ndege, kinasubiri forodha. Simu za kuulizia zilipungua mno, kwa sababu mtu anayejua lini ataambiwa hapigi kila asubuhi.

Sehemu ya huduma mbadala ndiyo iliyotuletea mabishano. Kuna aliyependekeza waliogongwa na bodaboda wapigwe eksirei ya fuvu wakati wakisubiri. Nilikataa. Eksirei huweza kuonyesha mfupa uliovunjika, lakini damu inayovuja ndani ya kichwa haionyeshi, na tunachokitafuta ni hiyo damu. Niliwagawa wagonjwa kwa haraka yao, si kwa idara, na tangazo likasomeka hivi:

"Aliyeumia kichwa, au aliyepooza upande au kushindwa kusema ghafla: njoo moja kwa moja dharura, usisubiri mashine. Utaangaliwa na kupelekwa kwa gari la wagonjwa kwenye hospitali yenye CT. Maumivu ya tumbo na mawe ya figo: daktari ataamua kama ultrasaundi inatosha. Wenye miadi isiyo ya haraka: tutakupigia kukupa tarehe mpya. Ukipenda kupima kwingine, chukua barua ya rufaa na jibu lako la kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, utaulizwa."

Mstari wa kupooza niliuweka juu makusudi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi kabla CT haijaonyesha kwamba hakuna damu inayovuja. Ukiongeza foleni ya magari ya barabara ya Mandela, muda unakwisha mgonjwa angali kwenye benchi. Tulizipigia kwanza hospitali za kupokea, Muhimbili na taasisi ya mifupa ya MOI zikiwemo, tukakubaliana namba ya zamu ya kupigia kabla gari halijaondoka. Usitaje hospitali ya mwenzio kwenye tangazo kabla hujaongea naye. Mashine yake nayo inaweza kuwa imelala.

Samahani niliiweka mara moja tu, nayo ilikuwa na mwili: "Tunawaomba radhi, hasa mliofunga kula kwa ajili ya kipimo na mliosafiri. Aliyekwisha kulipa atarudishiwa fedha dirisha la malipo akiwa na risiti; mwenye bima, fomu yake itafutwa ili aitumie kwingine." Hiyo ya bima ukiisahau, mgonjwa anafika kwingine anaambiwa kipimo kimeshatumika.

Mashine iliporudi sikuandika "karibuni nyote". Siku 2 za mwanzo zilikuwa za waliolazwa na wale walioahirishwa, kwa mpangilio wa miadi yao ya zamani. Wapya waliandikiwa kuanzia siku ya 3.