Viambishi vya sifa vya Kijerumani: jinsi nilivyotatua jedwali

Kwa wenzangu wa Unguja mnaojifunza Kijerumani kwa kazi ya kutembeza wageni: jedwali langu lilikuwa likirudi na makosa ya aina moja, *der frischer Fisch*, *mit dem frischem Fisch*. Kukariri majedwali matatu hakukusaidia, wala kupaka rangi.

Kosa linatokana na mazoea yetu. Kiswahili hurudia upatanisho kila mahali: *kisu hiki kikubwa*. Kijerumani hutaka alama ya jinsia na uhusika ionekane mara moja tu, kisha sifa hupumzika.

Sasa, kabla ya kujaza, napigia mstari mwisho wa kibainishi, yaani neno la mbele kama *der* au *ein*. *Der* tayari ina *r*, basi *der frische Fisch*. *Ein* haina kitu, hivyo sifa inabeba *r*: *ein frischer Fisch*. Pasipo kibainishi ni vilevile: *frischer Fisch*.

Baada ya *mit*: *mit dem frischen Fisch*, *mit einem frischen Fisch*, lakini *mit frischem Fisch*. Angalia *einem*: ni ya jamii ya *ein*, ila *m* imo. Hapo ndipo nilipokuwa nikiteleza, kwa kutazama jina la jedwali badala ya herufi ya mwisho.

Sifa iliyopumzika huchukua *-e* katika umoja wa *Nominativ*, na *Akkusativ* ya *die* na *das*, kwengineko *-en*.

Mtego mmoja: *der Geruch frischen Fisches*. Hakuna kibainishi, lakini alama imebebwa na *-es* ya nomino.