Elfu moja iliyobaki: nilivyogawa bonasi ya kikosi chetu Mwaloni

Mara ya kwanza nilipokabidhiwa kugawa bonasi, nusura nitoe 3,000 mfukoni mwangu. Bahasha zilikuwa sita, nimeshaziandika majina, na fedha zikaisha kabla sijaijaza ya mwisho.

Mimi ni karani wa kikosi cha kupakia dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikishika, kazi hupungua, na ndipo tajiri wetu anapofunga hesabu na kutoa fungu la bonasi. Tunagawana kwa pointi: nusu siku pointi 1, siku nzima 2, na anayebaki usiku lori likija kupakia anapata 3. Bahasha ni za fedha taslimu na chenji sokoni ni ya kutafuta, kwa hiyo tulikubaliana hakuna fedha ndogo chini ya elfu moja.

Mwezi ule fungu lilikuwa 900,000 na pointi zetu 210. Nikagawanya, nikapata 4,285.71 kwa pointi. Nikaona namba haishikiki, nikaandika 4,300, nikaanza kuzidisha kwa kila mtu na kusogeza kwenye elfu iliyo karibu. Kosa lilikuwa hapo. Shilingi 14 na ushee nilizoongeza kwenye pointi moja zilijirudia mara 210, zikawa elfu tatu kamili ambazo tajiri hakuzitoa.

Baadaye nikajaribu kuacha bei ya pointi bila kuigusa, nikakadiria mgawo wa kila mtu peke yake. Mzee wa mizani alikuwa na pointi 47, dada anayechambua 41, mpakiaji wa kwanza 38, mshonaji wa magunia 33, mpakiaji wa pili 29, na kijana aliyeingia katikati ya mwezi 22. Kwa maelfu nikapata 201, 176, 163, 141, 124 na 94. Jumla 899. Sasa imebaki elfu moja mezani na haina mwenyewe. Kukadiria mtu mmoja mmoja hakujali jumla. Mwezi mwingine ingeweza kuzidi, mwingine ikapungua, mwingine ikatimia kwa bahati tu.

Wapo makarani wanaomwekea mtu wa mwisho kwenye orodha chochote kinachobaki. Siipendi njia hiyo hata kidogo. Wa mwisho kwetu ni yule kijana mgeni, na fungu likipungua yeye ndiye atakayekatwa kila mwezi kwa sababu tu jina lake liko chini.

Njia ninayotumia sasa ni hii. Kwanza kila mtu anapewa maelfu yake kamili, bila kukadiria juu. Kisha naangalia baki ya kila mmoja, na maelfu yaliyosalia nayatoa moja moja kuanzia kwa mwenye baki kubwa. Sitafuti desimali, nafanya kugawanya kwa baki kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Mzee wa mizani: 47 mara 900 ni 42,300, gawanya kwa 210 unapata 201, baki 90. Kwenye kompyuta, pointi zikiwa safu ya B, fungu kwa maelfu likiwa E1 na jumla ya pointi E2, naandika hivi:

```
=QUOTIENT(B2*$E$1,$E$2)
=MOD(B2*$E$1,$E$2)
```

Maelfu kamili yakawa 201, 175, 162, 141, 124 na 94, jumla 897. Zimesalia elfu tatu. Baki kwa mpangilio uleule: 90, 150, 180, 90, 60, 60. Elfu ya kwanza ikaenda kwa mpakiaji mwenye baki 180, ya pili kwa dada mwenye 150. Ya tatu ikanikwamisha: mzee wa mizani na mshonaji wote wana 90.

Hapo ndipo nilipofurahi kwamba sikutumia desimali. Kompyuta ikihifadhi desimali huzikata mahali fulani, na namba mbili zilizo sawa zinaweza kutofautiana kwenye tarakimu ya mwisho kabisa. Ingemchagua mmoja, nami ningesema hesabu ndiyo imeamua. Baki za namba nzima zilionyesha wazi kwamba wamelingana.

Nikawaita wote wawili. Mshonaji akasema, "Dada karani, si tushuke kwenye mia tano? Sarafu zipo." Nikajaribu mbele yao. Kweli, kwa mia tano wao wawili walipata wote, lakini mgongano ukahamia kwa mpakiaji wa pointi 29 na yule kijana wa 22, ambao nao walilingana baki huku imesalia mia tano moja. Kushusha kipimo kulikuwa kunachagua wengine wa kugombana, tena nikijua tayari nani atafaidika. Nikakataa.

Mzee akasema, "Mwanangu, kanuni ukiitunga leo, umechagua mtu." Alikuwa sahihi. Nikakata vipande viwili vya karatasi, mshonaji akaokota chenye alama. Akapata 142,000, mzee 201,000, na jumla ikasoma 900,000. Siku hiyohiyo, mwezi mpya ukiwa bado haujahesabiwa, tukaandika kwenye daftari: baki zikilingana, anapewa mwenye pointi chache, kwa kuwa elfu moja ni kubwa zaidi kwenye bahasha ndogo. Na pointi zikilingana nazo, kura. Wote sita walisaini.

Nilikuja kujua kwamba njia hii ni ya zamani, na ina kasoro moja ya ajabu. Marekani waliitumia kugawa viti vya bunge kati ya majimbo. Baada ya sensa ya 1880 ilionekana kwamba jimbo la Alabama lingepata viti 8 bunge likiwa na viti 299, lakini viti vikiongezwa kuwa 300 lingebaki na 7. Kwetu maana yake ni kwamba tajiri akiongeza fedha baada ya mgawo kutangazwa, nikirudia hesabu upya anaweza kutokea mtu akapungukiwa elfu wakati fungu limekua. Kwa hiyo sigawi mpaka fungu lifungwe, na nyongeza ikija naihesabu kama fungu la pili, peke yake.

Kuna kipimo kimoja nakifanya kabla ya kugusa bahasha. Baki zote zikijumlishwa lazima zigawanyike sawasawa kwa jumla ya pointi, na jibu ndilo idadi ya maelfu yaliyosalia. Mwezi ule: 630 gawanya kwa 210 ni 3. Hakikamati pointi niliyoandika vibaya tangu mwanzo, hiyo inakamatwa kwa kila mtu kusoma mstari wake kwenye daftari. Lakini mbalamwezi iliyopita kipimo kilikataa kugawanyika. Nikarudi juu, nikakuta nilimwongezea dada siku moja iliyosahaulika, pointi 2, huku E2 nikiwa nimeandika jumla kwa mkono badala ya kuiachia `=SUM(B2:B7)`. Nikarekebisha, nikahesabu upya, nikazifunga bahasha.