Siku moja maishani mwangu: oda iliyosafirishwa, kisha ikarudi kusubiri

Saa mbili asubuhi. Nakuta dada wa huduma kwa wateja ameshanitumia picha ya skrini. Mteja aliona oda yake ni `shipped`, akafungua tena baadaye kidogo, ikawa `pending`. "Kaka, mzigo umerudishwa?" Namwomba asimjibu mteja kwanza, mpaka nisome logi.

Saa tatu. Nachuja logi kwa namba ya oda. Mtumaji, yaani mfumo unaotuarifu kwa webhuku kila oda inapobadilika, alituma taarifa ya `pending` 06:10, hifadhidata yetu ikiwa kwenye matengenezo, na seva ikajibu 503. Akarudia 06:16, halafu 06:46, kila mara akirefusha muda wa kusubiri. Matengenezo yakaisha 06:50. Saa 07:20 ikaja `shipped`, ikapokelewa vizuri. Saa 07:46 ile `pending` ya alfajiri ikarudiwa, safari hii ikapita, ikafuta `shipped`.

Mtumaji alifanya kazi yake sawasawa. Webhuku hujitahidi kufikisha taarifa, mpangilio haiuahidi. Msimbo wetu ndio ulioamini kwamba iliyofika mwisho ndiyo mpya.

Saa tano. Mwenzangu anapendekeza tuzipange hali kwa ngazi, `shipped` isishuke kamwe kwenda `pending`. Nampinga. Mzigo wenye anwani mbovu hurudi ghalani, na oda yake hurudi `pending` kihalali. Ngazi zingeificha habari hiyo ya kweli. Bahati nzuri kila taarifa inabeba namba ya toleo, ambayo mtumaji huiongeza oda inapobadilika. Tunaitumia hiyo:

```sql
UPDATE oda
SET hali = :hali, toleo = :toleo
WHERE id = :id AND toleo < :toleo;
```

Sharti nimeliweka ndani ya `UPDATE` makusudi. Ukisoma toleo kwanza halafu ukaandika, taarifa mbili zinazoshughulikiwa kwa wakati mmoja zinaweza kupenya zote.

Saa nane mchana. Hapa ndipo wengi hujikwaa: kama hakuna safu mlalo iliyobadilika, tujibu nini? Kama oda ipo na toleo lake ni sawa au kubwa zaidi, tunajibu 200. Taarifa imepitwa na wakati, na tukijibu kosa itaendelea kurudiwa bure. Kama oda haipo kabisa, maana yake `shipped` imetangulia hata taarifa ya kuundwa kwa oda. Hapo tunaiingiza oda na toleo lake, ili ile ya kuundwa ikifika ikutwe ni ya zamani.

Saa tisa. Jaribio: natuma toleo la 2, kisha la 1. Oda inabaki `shipped`. Natuma la 3, `pending` ya mzigo uliorudi ghalani, nalo linapita kama inavyotakiwa.

Saa kumi na moja jioni. Msimbo mpya uko hewani, lakini hautibu oda zilizokwisha kuharibika. Natafuta kwenye logi kila oda iliyopokea `pending` baada ya `shipped`, na kwa kila moja naiuliza API ya mtumaji hali yake ya sasa na toleo lake, navyo ndivyo ninavyoviandika. Ya yule mteja inarudi `shipped`. Namwandikia dada: mzigo uko njiani, unaweza kumjibu sasa.