Kinasa sauti kikishazimwa

Leo Kisumu tumerekodi podikasti na mtafiti wa samaki wa Ziwa Victoria.

Mwaliko ulikuwa mistari mitatu: swali moja kutoka kwenye utafiti wake, dakika 30, na kwamba tutamfuata ofisini. Ukiandika tu "tungependa kukuhoji", mtu mwenye shughuli haoni cha kujibu.

Feni ilizimwa, maana mvumo wake hausafishiki vizuri baadaye. (Joto la Kisumu mnalijua.) Maikrofoni ikakaa shubiri moja kutoka mdomoni.

Utamu ukaja baada ya kuzima kinasa sauti. Mabega yakashuka, akaanza kueleza samaki aina ya mbuta walivyowapunguza mno fulu, samaki wadogo wa ziwa hilo, na bila kuulizwa akamtaja mwenzake wa kuhojiwa.

Ukiomba dakika 30, tenga saa nzima. Nyaya zikunjwe polepole, mazungumzo yaendelee.

Nyie mwaliko wenu huanzaje?