Namba ya siri kwa mkono unaotetemeka: ninavyoipanga simu

Mtu mwenye mikono inayotetemeka akishindwa kufungua simu, wengi hukimbilia kukuza maandishi. Mimi sibadilishi kitu kabla sijajua kidole chake kinakosea vipi, kwa sababu kila kosa lina mpangilio wake.

Namfungulia sehemu ya kupigia simu, ambako tarakimu zimepangwa kama kwenye kioo cha kufungulia, kisha namwomba aandike 2580 mara kadhaa bila kufuta kitu wala kupiga. Kilichoandikwa kinajieleza. Ukiona 22580, kidole kimegonga mara mbili. Ukiona 2680, kimeangukia tarakimu ya jirani. Ukiona alama ya + mahali pa 0, kidole kimekaa mno, maana 0 ikishikiliwa hugeuka +.

Jaribio hilo lifanywe simu ikiwa mezani, juu ya kitambaa kisichoteleza, na kiganja kikiegemea meza. Simu ikishikwa mkononi, kidole kinatikisika na kioo nacho kinatikisika. Kuiweka chini tu huondoa sehemu kubwa ya makosa ya tarakimu jirani.

Chukua mama mmoja mtu mzima anayetumia Samsung. Namba zake zilikuwa zinajirudia karibu kila mstari, na + ilitokea hapa na pale. Kwenye Settings niliingia Accessibility, kisha Interaction and dexterity, nikawasha Ignore repeated touches na kuiweka nusu sekunde. Mpangilio huu hupokea mguso wa kwanza na kupuuza unaofuata ndani ya muda huo. Kwa ajili ya ile +, niliweka Touch and hold delay kwenye Long. Sikugusa Tap duration, ingawa iko jirani na hushawishi. Hiyo hudai kidole kitulie kwanza ndipo mguso uhesabiwe, na kidole kinachodundadunda hunyanyuka kabla ya muda kutimia, basi mtu hubonyeza na kubonyeza bila kitu kutokea. Inamfaa anayegusa vitu kwa kupitisha mkono bila kukusudia.

Baada ya hapo ndipo namba ya siri yenyewe inafikiriwa. Isiwe na tarakimu mbili zinazofanana zikifuatana, kama 4471, kwa sababu simu iliyoambiwa ipuuze mguso wa pili itameza 4 ya pili kila akiandika haraka. Na kufungua kwa kuchora mstari ninakuacha kabisa: kunamtaka mtu aburute kidole bila kukinyanyua, jambo ambalo mkono huo hauliwezi.

Alama ya kidole hupunguza kazi sana, hasa kwenye programu za benki zinazoikubali. Nasajili kidole kilekile mara mbili, mara ya pili kikiwa kimelala upande, kwa sababu mkono unaotetemeka haufiki mahali pamoja kila mara. Kufungua kwa sura ni rahisi zaidi kwake, ila simu nyingi za Android husoma sura kwa kamera ya kawaida tu na programu za benki hazikubali njia hiyo. Hata hivyo namba haikwepeki: Android huidai kila simu ikizimwa na kuwashwa, na pia baada ya saa 72 tangu ilipoandikwa mara ya mwisho.

Menyu za pesa za nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa Tanzania, ndizo ngumu zaidi. Mtandao ndio unaokata menyu muda ukipita, na hakuna mpangilio wa simu unaouongeza. Kwa anayeandika polepole, programu ya mtandao husika ni afadhali, mradi simu yake inaibeba.

Asiyeweza kugusa kioo hutumia Switch Access: fremu hupita juu ya vitufe, naye hubonyeza swichi moja ikifika anapotaka. Kitufe cha sauti cha simu kinatosha kuanzia. Nachagua Row-column scanning ili asisubiri vitufe vyote kimoja kimoja, na naanza na mwendo wa taratibu kabisa. Akikosa mara kwa mara kwa hatua moja mbele, mwendo ni wa haraka kwake. Kwa sauti, Voice Access hupokea amri kama “tap 5”, lakini si kwa Kiswahili, na namba ya siri itamkwayo husikika na kila aliye chumbani.

Nikimaliza naizima simu na kuiwasha, nikakaa pembeni bila kumshika mkono. Mama aandike namba mwenyewe kwenye kioo cha mwanzo, maana hapo alama ya kidole haifanyi kazi bado, na ndipo utakapojua kama mipangilio inamsaidia hata kabla simu haijafunguka. Isipomsaidia, namba yake naifupisha hadi tarakimu nne.