Barua Niliyomwandikia Mama

Nilichukuliwa mgambo mwishoni mwa 1978, wiki chache baada ya majeshi ya Amin kuingia Kagera na Mwalimu kutangaza vita. Nilikuwa na miaka 19. Kambi yetu ilikuwa nje kidogo ya Mwanza, katikati ya majabali, na Jumapili ya tatu kuruta tuliruhusiwa kuandika barua nyumbani. Kwetu ni Ukerewe.

Tangu utoto wangu, barua ikifika pale nyumbani ilisomwa kwa sauti na jirani mmoja, na mtaa wote ukasikia. Ila miaka hiyo mama alikuwa amepita kisomo cha watu wazima. Herufi alizijulia kwenye kitabu cha kilimo cha pamba. Kwa hiyo niliandika kwa herufi kubwa, maneno yameachana, ili asihitaji mtu.

“Mama, shikamoo. Mimi mzima. Tunaamka saa kumi alfajiri, tunakimbia mchakamchaka mpaka jua linatoka. Wiki mbili za kwanza tulipiga kwata na vijiti. Sasa tumepewa bunduki, inaingia risasi 10. Afande anatufundisha kulenga: vuta pumzi, toa nusu, zuia, ndipo uvute kifyatulio taratibu. Ukikishtua, mtutu unayumba na risasi inakwenda pembeni. Juzi nilipiga 5, nikapata 2. Hapa kila mlio unagonga majabali na kurudi, hujui umetoka wapi. Nikawaza, na huko mbele nitajuaje adui yuko upande gani?

“Kuchimba handaki ndiyo kazi ngumu. Linatakiwa lifike kifuani, usimame ndani na kupiga. Chini ni mawe, mikono imechubuka. Afande anasema kina hicho ndicho kitakachotuokoa, nami nachimba nikikuwaza wewe.

“Usiku tunasikia honi ya meli ya Bukoba. Wenzetu wa kombania ya kwanza wamekwishapanda. Ikilia, banda lote linanyamaza. Mama, naogopa. Sijamwambia mtu mwingine.”

Sentensi hiyo nilitaka kuifuta. Nilikaa nayo mpaka filimbi ya jioni, nikifikiria akishindwa kusoma ataita jirani, na kesho yake Nansio nzima itajua mtoto wake ni mwoga. Mwishowe nikaiacha, nikampa bahasha mchuuzi wa dagaa aliyekuwa anavuka.

Majibu yalifika siku nne kabla ya sisi kupanda meli. Karatasi ilikuwa ya daftari, kwa penseli, na mistari ilipanda na kushuka. Ndiyo barua pekee niliyowahi kupata kwa mkono wake. Alisema mbuzi amezaa, akaniombea, kisha chini kabisa akaandika:

“Nimesoma mwenyewe. Mlango nilifunga. Hata mimi naogopa mwanangu. Chimba shimo refu.”