Dola 140 kwa Vishimo vya Kijiko

Juma lililopita ofisi ya nyumba niliyokuwa nikipanga hapa Houston imenikata dola 140 katika amana yangu kwa sababu ya "vishimo kumi na kitu ukutani, upande wa kitanda". Kwa fedha hiyo fundi wa Tanga angenipigia plasta chumba kizima, apake na rangi, na chenji ningerudishiwa. Hata hivyo sikubisha, kwa kuwa vishimo ni vyangu, na nimeona heri nieleze vilivyotokea.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Februari 2021, baridi ilishuka Teksasi nzima, mitambo na visima vya gesi vikaganda, na wasimamizi wa gridi wakaanza kukata umeme ili mfumo wote usianguke. Sehemu kubwa ya jimbo hili ina gridi yake peke yake, hivyo msaada wa majirani ulikuwa kidogo mno. Walituambia ni mgao wa zamu, lakini zamu yetu haikwisha hadi Alhamisi asubuhi. Nje ilifika nyuzi 10 chini ya sifuri, na binamu yangu wa Tanga alipata kunitumia ujumbe mmoja wa kucheka kabla simu yangu haijazima: "Kumbe na huko TANESCO wapo!"

Jumatatu jioni nilisikia harufu ya mkaa kutoka kwa jirani, binti wa Mombasa aliyeishi na mama yake, ambaye kwa miezi minane tulikuwa tumeishia kwenye salamu za ngazini. Nilikwenda kugonga mlango mbio. Wewe unayejiandaa kuja huku, lishike hili: nyumba hizi zimezibwa kila upenyo, na jiko la mkaa ndani yake hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo siku zile iliua watu wakiwa wamelala. Mama alilitoa jiko nje shingo upande, akanipa chai, nami nikamwandikia binti yake jedwali hili, iwapo usiku watahitaji msaada:

```
A B CH D E
F G H  I J
K L M  N O
P R S  T U
V W Y  Z -
```

Unagonga ukutani kwanza namba ya mstari, unapumzika kidogo, kisha namba ya herufi ndani ya mstari. Wafungwa wa Kimarekani kule Vietnam waliutumia mtindo huu, ila jedwali lao halikuwa na K, na Kiswahili bila K ni ububu. Herufi zetu 24 zinaenea vizuri, na chumba kinachobaki ni cha kutenganisha maneno. Ukuta wetu ulikuwa wa mbao zilizofunikwa bodi za jasi. Ukigonga penye mbao, pigo linavuka hadi upande wa pili. Nilitumia mpini wa kijiko, na hapo ndipo deni lilipoanzia.

Saa saba za usiku ukuta uligonga wenyewe: CHAI TAMU? Nilijibu: SUKARI IKO KWAKO. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, nikaanza kujutia ulimi wangu, yaani kijiko changu. Kisha: NJOO NA KIKOMBE. KESHO.

Usiku wa pili tulikuwa wepesi zaidi. Aliniuliza nina mablanketi mangapi, nikasema mawili, akasema mtu mmoja mablanketi mawili ni uchoyo. Baadaye, kati ya utani huo, nikasikia MAMA, mara moja, bila kitu kingine. Nilijifunika hadi kichwani, nikalala na viatu kama mtu anayengoja polisi, na sikugonga tena mpaka alfajiri. Asubuhi ngazini akanikunjia uso: "Kaka, mtu anakuambia LALA, wewe unanuna usiku kucha?" L ni tatu-mbili na M ni tatu-tatu, baridi ilikuwa imeniongezea pigo moja masikioni, mara mbili.

Usiku wa mwisho nililala chali nikihesabu NAKUPENDA. Ni mapigo 47, na U peke yake inakula tisa. Nikaona ni mengi kwa watu waliokunywa chai pamoja mara tatu, nikaishia kugonga UPO? Akajibu NIPO, mapigo 26, taratibu, bila kukosea hata moja.

Umeme uliporudi tulichaji simu, tukaandikiana kama watu wengine, na kwa siku kadhaa hatukujua la kusema.

Kama unahamia huku, piga picha kuta zote siku unapokabidhiwa ufunguo. Jana tulipokuwa tukipakia gari, naye amefungua barua yake kutoka ofisi ileile: dola 140, ukuta uleule, upande wa pili.